Kifuniko cha Betri

Mama alitupa rimoti kwenye choo cha shimo. Sikumwona akitupa. Nilimkuta anatoka chooni, kanga imeloa pindo, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba yule mdudu mweusi ameshamtoa ndani, nisiogope tena. Nilikimbilia sebuleni kutazama juu ya meza. Hakukuwa na rimoti. Kwenye mkunjo wa kochi kilibaki kifuniko chake cha betri, ambacho siku zote kilikuwa kinachomoka, tukawa tunakirudisha na kukisahau. Nilikishika mkononi nikakaa sakafuni.

Anayesikia habari hii juu juu anaweza kucheka, rimoti tu. Kwa hiyo nieleze rimoti ile ilikuwa nini katika nyumba yetu.

Nilifunga saluni yangu Korogwe nikarudi Sindeni kumtunza mama baada ya majirani kunipigia simu mara ya tatu kwamba ameonekana akitembea peke yake barabarani. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba hakuna dawa ya kurudisha kilichokwisha kuondoka. Mama alisahau jina langu kabla ya kusahau namna ya kupika ugali. Mara nyingine alirudi kwenye Kishambaa cha utotoni kwao Lushoto, lugha ambayo baba, Mzigua, hakuwahi kuijua vizuri na sisi watoto tuliiokota vipande vipande. Hayo yote niliyazoea. Nilichoshindwa kukizoea ni saa tisa alasiri.

Ikifika saa tisa, mama alianza kumtafuta mdogo wangu. Kwa akili yake, mtoto alikuwa hajarudi shule. Ukweli ni kwamba mdogo wangu alikua, akaoa, na mwaka mmoja baada ya harusi akafa kwa ajali ya pikipiki. Mwanzoni nilimwambia mama ukweli, kwa kuwa nililelewa kusema ukweli. Aliusikia kama habari mpya. Alianguka chini akalia kama siku ile ya msiba, na kesho yake saa tisa akauliza tena. Nilimuua mdogo wangu mbele ya mama yangu mara saba au nane, ndipo nikaacha.

Halafu siku moja niliweka ile flashi yenye mkanda wa harusi kwenye TV, nikitaka mimi mwenyewe kumwona mdogo wangu. Mama alikuwa mlangoni, ameshavaa ndala, tayari kwenda kumtafuta. Akasikia matarumbeta. Akageuka, akamwona mwanawe amevaa suti, anacheka, anafutwa jasho na mpambe wake. Mama akavua ndala.

"Kumbe yupo kwenye sherehe," alisema. Akakaa.

Tangu siku ile, kila saa tisa niliweka harusi. Nilimfundisha mwenyewe kubonyeza: nilishika kidole gumba chake nikakiweka juu ya kitufe kinachofungua flashi, siku baada ya siku, hadi kidole kikajua njia. Jina langu halikurudi, lakini kitufe kile hakukisahau. Alikuwa akikibonyeza mwenyewe na kuinua macho kusubiri.

Sasa rimoti ilikuwa chooni, na kesho yake umeme ulikatika asubuhi. Uliporudi, TV ikajifungulia upande wa king'amuzi. Ile TV ina kitufe kimoja tu kwa chini, cha kuwasha na kuzima. Ndani ya tumbo lake flashi ilikuwa imechomekwa pale pale, harusi ipo, na hatukuwa na njia ya kuifikia.

Nilihangaika. Kwenye duka la vifaa pale pale Sindeni nilinunua rimoti ya kila TV, ile unayoitegea namba hadi TV itii. Iliwasha, ikapandisha sauti. Nikabonyeza kitufe cha kuchagua njia, orodha ikatokea pembeni, na neno la flashi nikaliona pale chini kabisa. Mishale haikushuka. Nilibonyeza hadi ukucha ukauma. Orodha ilikaa kidogo ikafutika, nikaiita tena, ikafutika tena. Nilimpeleka mama kwa jirani mwenye TV nyingine. Aligoma kuingia, akashika nguzo ya baraza akipiga kelele kwamba si kwao. Nilikopi mkanda kwenye simu. Aliusukuma mkono wangu. Watu wadogo namna ile hawakuwa mwanawe.

Siku tatu mfululizo, saa tisa, nilisimama mlangoni nimepanua mikono kumzuia mama yangu asitoke. Siku ya tatu alinipiga kofi. Si kofi la mgonjwa. Lilikuwa kofi la mama aliyezuiwa kumfuata mtoto wake. Usiku niliwaza kununua kufuli, na wazo hilo ndilo lililonipeleka Korogwe asubuhi.

Nilimwacha mama nyumbani na jirani yetu mwingine, mwanamke mwenye watoto wakubwa, mtu wa kuaminika. Nikapanda gari na kile kifuniko nimekifunga kwenye leso.

Karibu na soko la Korogwe kuna fundi wa redio na TV, na mbele ya kibanda chake mkewe ana meza ya rimoti. Mamia ya rimoti, nyingine mpya kwenye nailoni, nyingi kuukuu, zimepangwa kwa safu. Mke yule ni wa rika langu. Nilimweleza ninachotaka nikaanza kumtajia jina lililoandikwa mbele ya TV yetu. Aliinua mkono.

"Jina achana nalo kwanza, dada. Hizi TV za bei ndogo jina ni la yule aliyeagiza mzigo. Kiwanda kinatengeneza mashine moja, mmoja anabandika jina hili, mwingine lile. Mwaka kesho jina ni lile lile, ndani mashine nyingine. Sisi tunatafuta ukoo. Rimoti yenyewe iko wapi?"

"Chooni."

Hakucheka. "Umebaki na nini?"

Nilifungua leso. Alikichukua kifuniko kama mtu anayepokea kitu cha maana, akakigeuza kwenye mwanga. Alinionyesha: juu kina mistari mitatu ya kusukumia kidole, katikati kina ulimi mmoja wa kujikunja, na chini kina meno mawili mafupi. Upana wake ni wa betri mbili nyembamba. Alianza kugeuza rimoti zake kifudifudi, anajaribu kifuniko kwenye migongo yake. Nyingi kilikataa. Kwenye nyingine kiliingia nusu kikasimama. Mwishowe zilibaki tatu ambazo kiliteleza hadi mwisho na kutoa ule mlio mdogo, tak.

"Umepata," nilisema.

"Bado. Hili ni ganda tu. Ganda moja wanaliuzia viwanda vingi, kila mtu anaweka vitufe vyake na ubongo wake. Kifuniko kinatuambia nguo. Ukoo tutaujua kwa vitufe." Aliziweka zile tatu mbele yangu. "Kile kitufe unachotumia sana kilikuwa wapi?"

Nikaangalia rimoti tatu, kichwa kikawa kitupu. Nilikuwa nimeishi na kitu kile miaka mingi, nimekifuta vumbi, nimekipiga kwenye kiganja betri zikilegea, na sikuweza kusema kitufe cha flashi kilikuwa kushoto au kulia. Kwa muda mrefu aliyekuwa akikibonyeza ni mama. Nikafumba macho nikajaribu kwa kidole hewani. Hakuna kitu.

"Huna picha? Watu wanapigwa picha na rimoti bila kujua."

Nilipekua simu. Ilikuwepo, ya sikukuu ya Pasaka: mama kwenye kochi, sahani mapajani, rimoti mkononi. Yule dada aliikuza picha kwa vidole viwili. Safu ya juu ilionekana vizuri, kitufe chekundu cha kuzimia kulia na kimoja tu kushoto. Akaondoa rimoti moja mezani, ile iliyokuwa na vitufe vitatu juu. Zilibaki mbili. Zilifanana juu, namba zilifanana, hata lile duara la mishale. Tofauti ilikuwa chini. Moja ilikuwa na vitufe vya rangi nne kwanza, halafu vya kuchezesha na kusimamisha mkanda mwishoni. Nyingine ilikuwa kinyume chake. Na kwenye picha sehemu ya chini yote ilikuwa ndani ya mkono wa mama.

"Chukua zote mbili," alisema. "Ujaribu nyumbani, utanirudishia isiyofaa."

Ningechukua, yasingenikuta yaliyonikuta. Lakini kondakta alikuwa anaita, mimi nina mawazo ya mama, na mtu akiwa amekata tamaa anapenda kujifanya ana uhakika. Nikaichukua yenye rangi kwanza. "Ni hii," nikasema. "Naikumbuka."

Alinitazama. Akaweka betri, akafungua kamera ya simu yake, akaelekeza pua ya rimoti kwenye kamera na kubonyeza. Kwenye kioo cha simu taa ndogo ilimeta zambarau, mwanga ambao jicho tupu halioni. "Inatuma," alisema. "Lakini kutuma si kusikilizwa. Isipokubali, rudi."

Nilifika Sindeni saa tisa imeshapita. Jirani alikuwa barabarani, hana viatu, amejishika kichwa. Mama alikuwa ametoka alipoingia jikoni kuepua maharage. Watu walikuwa wameshatawanyika kumtafuta, wengine upande wa shule, wengine upande wa mashamba.

Sitaki kuandika sana saa mbili zile. Nilikimbia kuelekea shule kwa sababu ndiko anakokwenda siku zote, hakuwepo. Nilikimbia kurudi barabarani. Kila gari la mizigo lililopita niliangalia matairi yake. Nilimwita mama kwa jina lake la usichana, ambalo sikuwahi kulitamka maishani. Wakati wote huo nilikuwa nimeshika ile rimoti mkononi, sijui kwa nini, hadi mwanamume mmoja akaniuliza, "Dada, hicho ni cha nini?"

Aliyemleta ni kijana wa Kimasai mchunga ng'ombe. Alimkuta amekaa chini kwenye majani kule mbali, mguu umechanika na mwiba, akampa maziwa kwenye kibuyu chake, akatembea naye polepole kufuata ng'ombe. "Bibi anasema anamfuata mtoto," aliniambia. "Nikamwambia twende wote, na mimi natafuta ndama." Nilimshika mkono tu.

Nilimwosha mama mguu, nikamkalisha kochini, nikaelekeza rimoti mpya. TV ikawaka! Sauti ikapanda, ikashuka. Nikabonyeza kitufe chenye alama ya flashi. Kwenye kioo yakatokea maandishi ya kutega muda wa TV kujizima. Nikabonyeza tena. Dakika kumi. Tena. Dakika ishirini. Nikabonyeza mshale, sauti ya watu ikabadilika lugha. Rimoti ilikuwa ya ndugu wa karibu kabisa, inajua kuongea na TV yetu, ila maneno yake yalikuwa na maana nyingine.

Mama alikuwa akitazama kioo kwa adabu, kama mgeni anayesubiri chakula. "Hajaja?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Nimeona njiani hakuna vumbi la watoto. Wamechelewa kutoka leo."

Nililia nikiwa nimeelekea ukutani ili asinione.

Asubuhi sikuwa na wa kumwachia tena. Jirani alikuwa bado anatetemeka, na mimi sikuweza kumlaumu wala kumwomba. Nikaondoka na mama. Nilimvalisha gauni lake la kitenge na viatu vya kufunga. Ndani ya gari alimweleza kila abiria kwamba anakwenda harusini. Wengine walimpongeza.

Mke wa fundi alituona kwa mbali, akaacha alichokuwa akikifanya, akamtolea mama kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wameshaanza?"

Yule dada alinitazama, mimi nikamwashiria kwa kichwa amkubalie. "Bado hawajaanza, bibi," akasema. "Kaa upumzike."

Nilimwambia ilivyokuwa: kuwasha sawa, sauti sawa, flashi inatega muda. Aliitikia kwa kichwa. "Basi tuko ukoo ule ule, tumeingia nyumba ya baba mdogo. Ni ile nyingine." Akageukia meza, mkono ukaishia hewani. "Eh. Ile nimeiuza leo asubuhi. Mtu wa Segera."

Nilimwambia, na nilisema kwa sauti kubwa hadi watu wakageuka, kwamba sina pa kwenda tena, kwamba nikirudi bila rimoti nitamfungia mama yangu kufuli kama mbuzi. Kusikia neno hilo kutoka kinywani mwangu kulinitisha kuliko kitu chochote.

"Dada," alisema taratibu, "usifunge mtu. Kifuniko kilitusaidia, sasa kiweke pembeni. Ukoo wenu hauvai ganda moja tu." Aliingia ndani akatoka na gunia, akalimwaga lote mezani. "Tunatafuta mpangilio. Nyekundu kulia, moja kushoto, duara katikati, halafu chini vya mkanda kwanza, rangi ndiyo mwisho. Ganda liwe lolote."

Tulichambua wote wawili. Nyingine zilikuwa nene, nyingine zimejipinda kiunoni, nyingine za kijivu. Zilizokaribia tuliziweka pembeni: zikafika tano. Alizitazama, akakuna kidevu. Kitufe cha flashi kilikaa mahali tofauti kidogo katika kila moja. "Ile niliyouza kilikuwa wapi hasa..." alijiuliza mwenyewe. Kisha akauliza: "Nyumbani nani alikuwa anaishika zaidi?"

Wote tulimgeukia mama.

Yule dada alimpa ya kwanza. Mama aliipokea, akaigeuza, akairudisha mezani kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake. Ya pili aliishika, kidole gumba kikateremka pembeni mwa namba, kikasita, kikarudi. Aliiweka. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, ndefu kuliko yetu, haikufanana nayo hata kidogo. Mama aliishika kwa mkono wa kulia. Kidole kikapita duara la mishale bila kuligusa, kikashuka kushoto, juu tu ya kitufe chekundu cha rangi, kikabonyeza. Kisha akainua macho ukutani mwa kile kibanda, akasubiri.

Ukutani kulikuwa na kalenda tu. Aliendelea kuitazama. Uso wake ulikuwa umefunguka wote, umejiandaa. Yule dada alijifuta macho kwa kiwiko. Nikampokonya mama rimoti, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu sikuweza kuvumilia kumwona akisubiri namna ile mbele ya kalenda.

Tuliweka betri, tukaipima kwa kamera. Ilimeta. Safari hii nilibeba na zile mbili zilizobaki bila kubishana.

Sikumngoja mama hata avue viatu. Niliwasha TV kwa ile ya kijivu, nikabonyeza pale kidole chake kilipoonyesha. Kioo kikawa cheusi, kwa muda ambao nilimwomba Mungu kwa sauti. Kisha yakatokea mafaili matatu yenye namba. Mshale ukashuka. Nikabonyeza katikati ya duara, matarumbeta yakapasuka ndani ya nyumba.

Mama alikaa. Hakusema yupo kwenye sherehe. Alitazama harusi yote, saa mbili na zaidi, na mimi nikalala sakafuni pale pale kelele zikiendelea, usingizi wa kwanza wa kweli katika wiki ile. Zile rimoti mbili nilizirudisha Korogwe Ijumaa iliyofuata. Yule dada aliuliza habari za bibi kabla ya kuzipokea.

Tuliiona harusi ile kila siku kwa miezi minane. Najua ni wapi mpiga picha anajikwaa, najua ni shangazi gani anatazama saa. Mwishoni mama alikuwa hainui tena rimoti, nikawa nabonyeza mimi. Siku moja, karibu na mwisho, nilionekana mimi kwenye kioo, nimevaa sare ya kina dada wa bwana harusi, nacheza kama mwendawazimu. Mama alinyoosha kidole.

"Huyu binti ni wa nani?"

"Ni wako, mama."

"Anacheza vibaya," akasema, akacheka, na mimi nikacheka naye hadi mbavu zikauma.